Unene wa Barabara ya Kwa Mama

Ripoti ya usanifu wa matabaka ya barabara haisomwi na mtu. Nimeandika nyingi, najua. Bosi hufungua ukurasa wa mwisho kuona unene, mkandarasi huangalia jedwali, na zile kurasa za katikati, ambako mtu ameeleza kwa nini tabaka hili liwe nene na lile liwe jembamba, hubaki kwenye kabati zikila vumbi. Mimi hizo ndizo ninazozipenda. Tangu mke wangu afariki, na watoto kila mmoja akashika njia yake, sijapata mahali pengine ninapojieleza kwa kirefu hivyo bila kukatizwa.

Naishi Izia, hapa Sumbawanga mjini, chumba na sebule. Nilitoka Mbeya kwa uhamisho nikiwa na nywele nyeusi, sasa nimebakiza miaka michache nistaafu. Jirani zangu ni watu wema wanaonisalimia asubuhi na jioni, na katikati ya salamu hizo mbili hakuna kitu.

Barabara ninayotaka kuisimulia iko wilaya ya Nkasi, huko mbele ya kijiji cha Kate. Inaacha barabara kuu, inapanda mgongo wa kilima chenye changarawe nyekundu, inashuka kuvuka mbuga ya udongo mweusi, kisha inapanda tena hadi kijiji kilicho mwisho kabisa. Nyumba ya mwisho ya kijiji hicho ni ya mama mmoja mjane. Mwenyekiti wa kijiji alinipangia nilale kwake siku zote za upimaji, kwa kuwa ndiye mwenye chumba cha ziada. Chumba chenyewe kilikuwa cha mwanawe.

Mama huyo alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, lakini aliniita baba, kama wanavyofanya akina mama kwa mgeni wanayemheshimu. Alinipikia ugali wa ulezi na maharage, akakaa kwenye kigoda akinitazama ninavyokula, na siku ya kwanza tu nikajua habari zake zote. Mwanawe wa pekee yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri na gari dogo la chini. Hajafika nyumbani tangu mazishi ya baba yake. Kila akipigiwa simu husema angekuja hata kesho, tatizo ni ile njia, gari lake litakwama mbugani. Ikijengwa barabara, atakuja na mke na watoto, wajukuu ambao bibi yao amewaona kwenye simu tu.

"Kwa hiyo barabara itafika hapa, baba?" aliniuliza.

Nilimwambia sijui, nimekuja kupima. Nilijisikia vibaya kumjibu hivyo na ugali wake ukiwa mdomoni, lakini ndio ulikuwa ukweli.

Kazi yangu ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: barabara itabeba mzigo gani? Faili nililopewa lilikuwa na hesabu ya magari iliyofanywa katikati ya masika, na ilionyesha pikipiki, baiskeli na karibu hakuna lori. Nilikasirika. Masika lori lipite wapi, na mbuga imejaa maji? Tena nani auze mahindi yakiwa bado mabichi shambani? Ndiyo maana nilikwenda baada ya mavuno, wanunuzi wanapopanda kutoka Mbeya na Tunduma. Makarani wawili na mimi tulikaa kando ya njia tukihesabu. Malori yaliingia matupu yakiruka mashimo, yakatoka yamelemewa hadi matairi yanavimba ubavuni. Na lori lililozidisha haliumizi barabara kidogo kidogo. Ekseli ikibeba mara mbili ya uzito wa kawaida, uharibifu wake unazidi mara ishirini. Kwa hiyo pikipiki zote za wilaya, hata zikipita mchana kutwa, hazifui dafu mbele ya lori moja la mahindi. Na kwa vile barabara yenyewe ingekuwa nyembamba, wanaokwenda na wanaorudi wote wangekanyaga alama zilezile za matairi katikati. Mzigo wote huo niliujumlisha kwa miaka ya maisha ya barabara.

Swali la pili: ardhi iliyo chini ina nguvu gani? Hapo tunatumia fimbo ya chuma yenye ncha, inayogongwa kwa nyundo inayopanda na kushuka juu yake. Unaangalia kila pigo limezamisha ncha kiasi gani. Kwenye kilima fimbo iligoma, pigo baada ya pigo inasogea kidogo tu. Hiyo ni ardhi nzuri. Tukashuka mbugani nikitegemea itazama kama kijiko kwenye uji. Haikuzama. Iligoma vilevile.

Wasaidizi wangu wakafurahi. Mimi nikaona kuna jambo. Nikawaambia waendelee kugonga, na baada ya kina cha kiganja hivi fimbo ikadidimia ghafla kwa pigo moja. Tukachimba shimo. Juu kulikuwa na changarawe nyekundu ya kilimani, imeshindiliwa vizuri. Chini yake kulikuwa na majani yaliyokatwa, yamelazwa kwa mpangilio, bado na ukijani. Chini ya majani, udongo mweusi wenyewe, unanata kwenye sepetu.

Kila aliyekaa huku Ufipa, nchi ya Wafipa, anajua majani yale maana yake nini. Ndivyo wanavyotengeneza matuta yao ya duara: majani chini, udongo juu, yaoze humo na kurutubisha. Watu wa kijiji walikuwa wameitengeneza mbuga kama shamba.

Jioni nilimuuliza mama. Hakuficha. Waliposikia wapimaji wanakuja, wanawake wa jumuiya yao ya kanisa walikubaliana kubeba changarawe kwa ndoo kutoka kilimani, na yeye ndiye aliyewahimiza. Walifanya kazi wiki nzima.

"Tulisikia udongo unapelekwa maabara kupimwa," alisema. "Tukasema, wetu ukifeli, barabara haiji. Nilitaka ufaulu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimweleza kwamba udongo sio mwanafunzi. Ukiwa dhaifu haunyimwi barabara, unaongezewa tabaka ili mzigo wa gurudumu usambae kabla haujaufikia. Na majani yale yangeoza, yakaacha uwazi, na lami ingebonyea juu yake msimu wa kwanza tu. Alinisikiliza akiwa ameshika tama. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyebeba ndoo wiki nzima: hayo matabaka ya kuongeza, yanatoka kwenye fungu lilelile? Nikasema ndiyo. Alikuwa amekosea udongo, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli.

Maabara Sumbawanga waliloweka udongo mweusi kwenye maji siku nne, kama utaratibu unavyotaka, kisha wakaubonyeza. CBR yake, yaani kile kipimo cha ukinzani wa udongo, ilikuwa chini ya tatu. Ya kilimani ilipita kumi na tano kwa raha zake.

Bosi wangu ni kijana kwangu, ananiita mzee, na si mtu mbaya. Anapenda tu mambo yawe mepesi. Alitaka unene mmoja mwanzo hadi mwisho, mkandarasi asichanganyikiwe. Lakini unene mmoja ungekuwa upi? Tukichukua wa kilimani, mbuga ingemeza barabara. Tukichukua wa mbugani, fungu lingeisha tukiwa ndiyo kwanza tunavuka, na kijiji cha mwisho kingebaki kama kilivyo. Bosi akasema basi iishie hapo, awamu nyingine itakuja. Awamu nyingine. Nimezisubiri awamu hizo maisha yangu yote ya kazi.

Nilirudi Izia na kuandika kurasa nyingi kuliko nilizowahi kuandika. Niliigawa barabara vipande kwa nguvu ya ardhi. Mbugani: ondoa changarawe ya akina mama na majani yake, chimba udongo mweusi, weka matabaka mawili ya kuimarisha ardhi, inua tuta juu ya maji, weka makalavati, kisha ndipo msingi wa chini na msingi wa juu. Kilimani: matabaka ya kuimarisha hayahitajiki hata moja, ardhi yenyewe inafanya kazi hiyo, weka msingi wa chini na wa juu, milimita mia moja na hamsini kila mmoja, funika kwa lami nyepesi. Nikaonyesha kwamba kifusi kinachookolewa kilimani kinatosha kuufikisha mwisho wa barabara kwenye nyumba ya mwisho. Sikuandika ni nyumba ya nani.

Nakiri nilikuwa na furaha usiku na mchana wakati huo. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye hesabu zangu zilimhusu.

Bosi alisoma. Alisoma hata kurasa za katikati, akaniuliza maswali ya maana kuhusu malori, kisha akasaini. Barabara ikajengwa. Masika yaliyofuata nilikwenda kuitazama mbuga, maji yamesimama pande zote mbili na tuta liko kavu, halijabonyea popote. Mama alinishika mikono yote miwili.

Nilipita tena baada ya mavuno, mwezi wa nane, kwenye ukaguzi. Lami ilinipeleka hadi uani kwake. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa, chumba nilichokuwa nikilala kina kitanda kipya na godoro bado kwenye nailoni yake. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kiti. Nikamuuliza kijana amekuja lini.

Alisema hajaja. Alimpigia akamwambia lami imefika mlangoni, kijana akafurahi sana kwenye simu. Lakini gari liko gereji. Na wiki iliyofuata likawa gereji, na mwezi uliofuata pia.

Nilitazama lami yangu inavyong'aa, nikaona uchungu ambao sikuuona hata siku ile bosi alipotaka kuikata njiani. Nikamuuliza alimjibu nini mwanawe.

"Nilimwambia asiwe na wasiwasi," alisema, akinimiminia chai. "Nikamwambia na huku kwetu mvua zimekuwa kubwa, njia imeharibika, asubiri kwanza."

Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma kutoka mbugani, na Ufipa yote ilikuwa vumbi.