Fomu Mbili za Kutuma Pesa India

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikiwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja jirani na Segese, watoto walinizoea hivyo: wao wananyoosha kidole mara moja, mimi nauliza mara tatu. Kwa hiyo siku karani wa benki aliponisukumia fomu ya kutuma pesa nje ya nchi, sikuijaza kwanza. Niliisoma yote, mbele na nyuma, watu kwenye foleni wakiguna mgongoni kwangu.

Ilikuwa mjini Shinyanga, katikati ya miaka ya tisini. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ufamasia India. Alikuwa ameandika kwamba asipolipa ada ya mtihani kabla ya mwezi kuisha, hataingia chumba cha mtihani, atarudia mwaka mzima, na mwaka mzima hatukuwa nao. Baba alikuwa ameuza pamba, mimi nikaongeza mshahara wa miezi miwili, nikapanda basi alfajiri.

"Madhumuni ya kutuma fedha," karani alisoma. Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi mweusi. "Umeandika 'msaada'. Msaada wa nini?"

"Wa mdogo wangu."

"Huyo ni mtu, mwalimu. Nataka kujua pesa inakwenda kufanya nini."

Nikafuta, nikaandika ada ya mtihani na matumizi ya mwanafunzi. Akadai barua ya chuo. Nilikuwa nayo, tangazo la ada lisilo na jina la mwanafunzi yeyote, akaibana kwenye fomu kwa pini. Akashuka mstari wa pili: chanzo cha fedha. Hapo akataka hati ya mshahara na stakabadhi ya pamba kutoka chama cha msingi cha wakulima. Nikauliza kwa nini benki inajali pesa ilikotoka, maana dukani hakuna anayeuliza. Hakuchukia. Alinionyesha kwa kidevu kijana mmoja aliyekaa kwenye benchi, suruali yake ina tope jekundu mpaka magotini.

"Yule ametoka machimboni Geita. Anataka kumtumia ndugu yake Nairobi. Kwenye chanzo ameandika 'bahati'. Nimemwambia akalete karatasi ya mtu aliyenunua dhahabu yake, mwenye leseni. Amekaa hapo tangu saa tatu ananiangalia tu."

Nilicheka mpaka mlinzi akageuka. Yule kijana naye akacheka, akasema duara, yaani shimo la dhahabu, halitoi risiti, mama.

Mstari wa tatu niliujaza bila kufikiri: jina la mpokeaji. Niliandika jina la mdogo wangu, lile ambalo mama alimwitia chakula, na ubini wa baba yetu. Karani alisema, "Hakikisha ni kama lilivyo kwenye pasipoti. Atalipwa dirishani kwa pasipoti." Nikasema ndiyo, ndivyo. Nikasaini. Nilisema ndiyo kwa moyo mweupe kabisa, na mpaka leo ninajishangaa.

Maana pasipoti ya mdogo wangu haikuwa na jina hilo.

Nieleze. Mdogo wangu alifeli darasa la saba. Mwaka uliofuata, mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa ameshaandikishwa kufanya mtihani huo, aliugua malaria mwezi wa tano akafa baada ya siku tatu. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuja kwetu jioni na kwenda kwa jirani asubuhi. Nafasi ipo, jina lipo kwenye orodha, mwenye jina hayupo. Jioni yake mama wa marehemu akasema, "Mpeni." Mdogo wangu akakaa kwenye dawati la yule mtoto, akafanya mtihani kwa jina lake, akafaulu. Sekondari akaitwa hivyo. Vyeti hivyo, pasipoti hivyo. Kwetu hili halikuwa jambo la ajabu. Nikitembea kutoka shuleni kwangu hadi sokoni ningeweza kukuonyesha watu wanne wanaoitwa majina mawili.

Lakini nyumbani hatukulitamka jina lile. Ungelitamkaje wakati mama wa marehemu anapita uani kuomba moto? Hata yeye mwenyewe, aliyekuwa akiitwa kwa jina la huyo mwanawe wa kwanza, watu walihamia kumwita kwa jina la binti yake mdogo ili wasimtoneshe. Barua za India niliandika jina la nyumbani na namba ya chumba cha bweni, na zilifika, kwa sababu wenzake walimjua na posta haidai pasipoti. Kidogo kidogo lile jina jingine lilikuwa limenitoka kichwani.

Siku tisa baadaye telegramu ikaja kwenye sanduku la posta la shule: pesa ipo, benki imekataa, jina si la pasipoti, zimebaki siku kumi na nne.

Niliisoma nimesimama uwanjani, nikajipiga kofi la paja kama mwendawazimu. Nilijikasirikia. Halafu nikamkasirikia mwalimu mkuu yule, kisha serikali, kisha pamba.

Nikarudi Shinyanga. Karani alinisikiliza. "Kama ni herufi imekosewa, napeleka teleksi, wanasahihisha," alisema. "Hili ni jina zima, na ubini. Hayo si masahihisho, huyo ni mtu mwingine. Itabidi tuirudishe pesa kwako, na ujaze fomu mpya."

"Itarudi lini?"

"Wiki tatu, nne. Na watakata gharama zao."

Nilihesabu siku kwa vidole chini ya meza. Hazikutosha. Mshahara wangu ulikuwa India, pamba ya baba ilikuwa India, zimekaa kwenye benki ya watu zikimsubiri mtu asiye na pasipoti. Niliporudi nyumbani niliwaambia wazazi wangu uani, na sikupunguza sauti. Ukuta wa jirani ni miti na udongo tu.

Asubuhi mama wa marehemu alikuja. Nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nina fahali," alisema. "Kesho ni mnada."

Baba alianza kukataa kwa adabu, vile wazee wanavyokataa huku wakitaka kukubali. Alimkatiza. "Sijakuuliza wewe, shemeji. Yule kijana akikosa mtihani, ni jina la nani litakaloandikwa kwenye orodha ya waliokosa?"

Baba akainuka kutafuta kamba ya fahali. Nami nikamfuata bila kuuliza swali, na hilo si jambo dogo.

Fahali akauzwa. Stakabadhi ya mnada ilikuwa kwa jina lake, na ubini wa marehemu mumewe. Nilipoishika ndipo akili ikaniingia: chanzo cha fedha kilikuwa chake, kwa hiyo mtumaji hakupaswa kuwa mimi. Ningeandika jina langu, karani angeniuliza nilinunua lini ng'ombe. Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, akamwandikia barua ya utambulisho, picha imegongwa muhuri pembeni. Kwenye sanduku la mdogo wangu nikatoa nakala ya pasipoti. Humo mlikuwa pia na barua nyingine ya chuo, aliyoituma zamani, yenye jina la pasipoti. Tukapanda basi mimi na mama wa marehemu.

Njiani aliniuliza mambo yote ambayo mimi ningeuliza. Je, pesa yenyewe inasafiri? Nikamwambia hapana, yanasafiri maneno, pesa wanalipa wao kisha mabenki yanamalizana. Je, wanamjuaje mtu kwa kitabu tu? Nikamwambia wanalinganisha jina, namba na picha. Akafikiri mpaka Kahama.

Karani alipotuona alivua miwani. Akaweka fomu ya kwanza kando ya mpya. Chuo kilekile, mji uleule, mpokeaji mwingine, mtumaji mwingine.

"Mwalimu," alisema polepole, "huyu ni mtu mmoja au wawili?"

Nikisema mmoja, kwa nini majina mawili? Nikisema wawili, huyu mwingine yuko wapi? Na nikisimulia yote, vyeti vya mdogo wangu vinaweza kufutwa. Niliogopa kweli.

Mama yule akaegemea dirisha. "Aliyeandikwa hapa ndiye mwenye kitabu. Jina nilimpa mimi."

"Ni nani wako, mayu?" karani akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwanangu."

Karani akavaa miwani tena. Alikuwa Msukuma kama sisi, na nadhani kwao pia walikuwepo watu wa majina mawili. Akalinganisha ubini wa barua ya mtendaji na ubini wa pasipoti. Ukalingana. Akalinganisha jina la pasipoti na la barua ya chuo, herufi kwa herufi, kalamu ikigusa kila moja. Kisha akaandika mwenyewe, kwa sababu mtumaji hakujua kuandika: madhumuni: ada ya mtihani; chanzo: mauzo ya ng'ombe; uhusiano: mama. Akamsomea tamko la mwisho, kwamba maelezo yote ni ya kweli, akamsogezea kidau cha wino. Mama akabonyeza dole gumba kwa nguvu, kama anayebandika chapa.

Nilikaa pale nikistaajabu. Fomu yangu ya kwanza ilisema kweli tupu na ikakataliwa. Hii kila karatasi iliungana na nyingine, na mimi nilikuwa nimelia kwa sauti kwenye matanga ya mpokeaji.

Siku ya sita telegramu ikaja: nimelipwa, nimelipa chuo. Nililia jikoni kwa furaha, kisha nikamwambia mama yangu kwamba ni moshi.

Pesa ya kwanza ilirudi baada ya mwezi, imekatwa kidogo. Nilimpelekea jirani ya kununulia fahali mwingine. Aliipokea, akaiweka chini ya kikapu bila kuiangalia.

"Ile karatasi yetu unayo?" aliuliza.

Nilikuwa nayo, nakala ya mteja, ya rangi ya waridi. Alileta kopo la maziwa ya unga ambamo aliweka kadi ya kliniki ya mwanawe, imelika pembeni. Akaniambia nisome kwanza. Nikasoma mtumaji, nikasoma mpokeaji.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akanirudisha tena mara ya tatu, midomo yake ikifuata ya kwangu.

"Na wanasema amepokea?"

"Amepokea, mama. Amesaini."

Akaikunja, akaiweka juu ya kadi, akafunga kopo. Kisha akasema, "Nawe sasa uniite kama zamani. Mmenichosha na adabu zenu."

Nikamwita, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kwa sauti ya kawaida ya uani. Binti yake akatoka jikoni, mwiko mkononi, kuangalia ni nani aliyeitwa.