Nirudishie Mizani ya Jana

Mimi nikiomba ruhusa ya siku moja tu kazini, mambo lazima yaharibike. Sijui ni laana ya nani. Siku hiyo nilikuwa nimeenda nyumbani Kimulot kumsaidia mama kuchuma chai. Mgongo ulikuwa unamsumbua, na majani yalikuwa yameanza kukomaa yakimngoja. Niliwaambia wenzangu wa ofisini Kericho wasinipigie simu hata kama nyumba inaungua. Wakasema sawa, tena kwa adabu, na mimi kwa ujinga wangu nikawaamini.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na tuko watatu: mimi, mwenzangu mmoja ambaye vidole vyake hutangulia kichwa, na mkubwa wetu. Programu yetu ndiyo inayotumika kwenye vituo vya kupokea majani. Mkulima anatundika gunia kwenye mizani, karani anabonyeza simu, uzito unatumwa kwa kompyuta yetu, kompyuta inaondoa uzito wa gunia tupu, kisha mkulima anapata ujumbe kwamba ameleta kilo kadhaa. Ni hivyo tu. Ni kazi rahisi kama kuchemsha maji, na hata maji sisi tumewahi kuyaunguza.

Mimi na mama tulifika kituoni na gunia letu tukakuta kelele. Mzee mmoja alikuwa amemshikia karani simu mbele ya pua.

"Soma! Soma hapa! Ati nimeleta kilo kasoro mbili. Nimebeba gunia kutoka kule bondeni, sasa nimepungukiwa hata na ambayo sikuwa nayo?"

"Mzee wangu, mimi sijui," karani akasema. "Simu ndiyo imesema."

"Kwa hivyo kiwanda kinanidai majani?"

"Inaonekana hivyo, mzee. Pole."

Wale waliopimwa mwanzo walikuwa na kilo zao kamili au karibu. Waliofuata walikuwa wamepungukiwa kidogo kidogo. Wa katikati walipata sifuri. Baada ya hapo ni kasoro, kasoro, kasoro. Watu wakaelewa haraka kuliko kompyuta: ukiwa mbele unapona, ukiwa nyuma unaumia. Foleni yote ikaanza kusukumana kwa heshima ya kanisa, "samahani mama, nilikuwa hapa," na kiwiko mbavuni. Nyuma ya banda lori la kiwanda lilikuwa linangoja. Majani yakikaa kwenye gunia hupata joto na kuwa mekundu, na kiwanda huyakataa. Lori likienda bila yako, jasho la siku nzima unalimwaga shambani.

Nikampigia mwenzangu.

"Haki nilikuwa nakaribia kukupigia," akasema.

"Mmefanya nini?"

Akaeleza. Asubuhi alikuwa ameingiza mabadiliko mazuri kabisa, kwa maneno yake: mkulima akileta magunia mengi kwa safari moja, programu iyahesabu na kuondoa uzito wa yote. Ila alisahau kuifundisha kuanza upya akija mkulima mwingine. Kila mtu alikuwa anakatwa uzito wa magunia ya wote waliomtangulia tangu kituo kifunguliwe.

"Lakini usijali," akasema. "Nimeshatengeneza. Mkubwa ameikubali sasa hivi akiwa kwa kinyozi."

Kwetu kuna sheria: hakuna mtu anayeingiza kitu kwenye programu mpaka mwingine akiangalie na kukikubali. Sheria haikusema lolote kuhusu kinyozi.

Karani akampima mama mmoja aliyefuata kwenye foleni. Ujumbe ukaingia. Yule mama akapiga kigelegele. Mwenzangu alikuwa ameondoa ile alama ya kasoro, basi! Kilo kasoro tatu zikawa kilo tatu. Aliyefuata akapata zaidi. Aliyefuata, zaidi tena, kwa sababu magunia yalizidi kuhesabiwa na sasa kila gunia la jirani lilikuwa baraka. Watu wakaelewa hilo pia. Foleni ikageuka nyuma mbele. Sasa hakuna aliyetaka kupimwa.

"Tangulia wewe, kogo."

"Aa, mimi niko sawa. Tangulia wewe, una watoto wanakungoja."

"Watoto wamekua. Tangulia."

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na huyo kogo alirudi nyuma na gunia lake mpaka akagonga ua. Mizani ikabaki inaning'inia peke yake. Dereva wa lori akawasha injini, akasema yeye hakuja harusi, akimaliza soda yake anaenda. Na gunia la mama yangu lilikuwa chini, nimeingiza mkono ndani, majani yameanza kupata joto.

Nikampigia tena mwenzangu. "Wee, acha kutengeneza! Rudisha tu. Fanya revert." Revert ni kuondoa mabadiliko ili programu irudi ilivyokuwa.

"Nishafanya. Nimekutumia ombi uikubali. Mkubwa anasema yeye habonyezi tena kitu leo. Bonyeza wewe, haraka!"

Natembea na laptop popote, mama hunicheka kwamba nimeibeba kama mtoto. Nikaifungua juu ya gunia letu. Ombi lilikuwa pale, na kichwa chake kilisema: Kurudisha programu ya jana. Kitufe cha kukubali kilikuwa kijani kibichi kama chai yenyewe. Simu ikalia, ni mkubwa. "Kubali! Ni kurudi tu, tulikuwa huko jana, nini cha kuangalia?"

Hapo ndipo watu huangamia. Maneno ya juu ya ombi ni maneno ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa ametokwa na jasho. Hata hivyo kusoma kila mstari sikuwa na nafasi, dereva alikuwa ameinua chupa. Nikamkatia mkubwa simu, nikampigia mwenzangu na kumuuliza swali moja: leo kuna kitu kingine kimeingia kwenye programu, mbali na vitu vyako viwili? Akasema hakuna. Vizuri. Basi kama kweli amerudisha jana, kazi yake na programu ya jana jioni ziwe sawa kabisa. Sikulinganisha na ile iliyoharibika. Nililinganisha na ile ya jana, kabla yeye hajaigusa. Ukilinganisha hivyo, jibu zuri ni kutoona kitu. Skrini ikae tupu.

Haikuwa tupu. Kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, wa kitu kilichokuwepo jana na sasa hakipo. Ulikuwa ule unaoondoa uzito wa gunia.

"Wewe," nikasema, "umerudisha jana gani?"

"Kile kitufe cha kurudisha kilikataa, kikasema kuna mgongano. Nikachukua faili ya zamani iliyokuwa inafanya kazi, nikaiweka."

"Zamani ipi?"

"Ya tulipoanza."

Tulipoanza tulikuwa hata hatujajua kwamba gunia lina uzito.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeweka simu kwa spika. Kogo akasogea kutoka penye ua. "Hiyo anayotaka ubonyeze inafanya nini?"

"Inahesabu gunia kama chai, kogo."

Kituo kizima kikalipuka.

"Bonyeza!"

"Bonyeza, binti yetu! Mungu amekuleta!"

"Gunia si limetoka nyumbani kwangu? Si nimelibeba mimi?"

Yule mzee wa kilo kasoro mbili ndiye aliyepaza sauti zaidi. Karani peke yake alishika kichwa. "Dada, tafadhali," akaninong'oneza. "Kiwanda kitapima lori lote tena. Ikikosekana hata kidogo, wataniuliza mimi nimekula majani?"

Nikamwangalia mama. Hakusema bonyeza, wala hakusema usibonyeze. Alikuwa ameinama anageuza majani yetu kwa mkono ili yapate hewa. Nilimkasirikia mwenzangu, nikamkasirikia mkubwa na nywele zake, nikamkasirikia kila mtu pale kwa sababu walikuwa wananipenda kwa kitu kibaya. Nikalikataa lile ombi.

"Woi!" foleni ikasema kwa pamoja.

"Sikiliza," nikamwambia mwenzangu. "Kitufe kilikataa kwa sababu umegusa mstari uleule mara mbili. Huwezi kuvua shati kabla ya sweta. Rudisha kwanza ile ya kinyozi. Kisha rudisha ile ya asubuhi. Usiandike kitu kwa mkono wako. Hata nukta!"

"Maji yakimwagika hayazoleki," karani akasema kwa uchungu.

"Sisi tunalipwa kuyazoa," nikamjibu. Dereva akatupa chupa.

Ombi jipya likaja. Nikalilinganisha tena na jana. Skrini ikabaki tupu, tupu kabisa, nikaipenda. Nikabonyeza. Nikamwambia karani angoje kompyuta ichukue programu, na lori likaanza kusogea.

Mama akasimama mbele yake. Hakupiga kelele wala kuinua mkono. Alisimama tu barabarani na mgongo wake mbovu, akatoa gunia tupu kwapani, akamwambia karani, "Pima hili."

"Mama, hakuna kitu ndani."

"Ndiyo maana."

Karani akapima. Ujumbe ukaingia kwa simu ya mama: umeleta kilo sifuri. Nikamwomba apime tena, maana kosa la asubuhi lilikuwa la kujumlisha, na kama kompyuta ilikuwa imeanza kuhesabu upya, mara moja haingelionyesha. Akapima tena. Sifuri. Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia sifuri, lakini karani alishangilia, na dereva akazima injini ili aone ni nini.

Walewale waliokuwa wananiita binti yetu sasa walinipita na magunia yao bila kuniangalia. Niliwaeleza kwamba kurudisha programu hakurudishi ujumbe uliokwisha kutumwa, ila uzito halisi wa kila gunia umehifadhiwa, na tungewahesabia upya wote wa asubuhi. Mzee wa kasoro mbili ndiye pekee aliyenishika mkono. Yule mama wa kigelegele, aliyedhani namnyang'anya zile kilo tatu, aliniambia nisikanyage kwake.

Mama alipimwa wa mwisho. Kilo zake zilikuwa zake, si nyingi. Lori likaondoka na majani yetu, tukashika njia ya nyumbani, mama akitangulia bila kuningoja. Nikadhani amekasirika.

"Ungebonyeza ile ya kwanza," akasema hatimaye, "leo ningepata zaidi."

"Najua, mama."

"Hata mimi nilitaka ubonyeze. Nilinyamaza tu kwa sababu ya aibu."

"Najua."

Akatembea kidogo, akasimama kupumzisha mgongo, akanishika bega.

"Lakini kesho ningeogopa kutundika gunia."