Korija Kumi na Nne za Mzee Tsofa

Mimi Kingi, muulize yeyote Mji wa Kale: mdomo wangu umeuza vikoi kuliko maduka matatu ya jirani ukiyaweka pamoja. Shule niliiacha darasa la sita, na mwalimu mwenyewe alishukuru. Lakini kusoma mwandiko wa mtu, hapo usinichokoze. Hata wa daktari nausoma! Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, mpaka siku niliyousoma wa Mzee Tsofa.

Mzee Tsofa alikuwa mtu wa stoo katika duka letu, la Bwana Aidarus. Miaka ishirini na miwili alizishika funguo zile. Alikuja kwa miguu kutoka Majengo, shati limepigwa pasi mpaka mstari umesimama, penseli sikioni. Maneno hakuwa nayo mengi. Nikimtania, "Mzee, panya wa stoo nao wawahesabu?" atakunja nguo yake amalize, kisha aseme, "Wako sita. Wewe wa saba."

Kila mwisho wa Disemba alihesabu mali yote na kuiandika kwa mkono: jina la nguo, idadi, na mbele yake kipimo. Kofia na shuka aliandika kwa pisi, yaani moja moja. Vikoi vilivyofungwa aliviandika kwa korija, yaani ishirini ishirini, maana hivyo ndivyo mafundi walivyovileta.

Mwaka ule karatasi ilikaa mezani mpaka Februari. Caroline, karani wetu, akaniita nimsomee yeye apige hesabu.

"Kikoi cha buluu twakiuza mia saba," nikamwambia, kujitia najua.

"Hatuweki bei ya kuuzia, Kingi. Mali iliyobaki yathaminiwa kwa bei tuliyonunulia. Kimoja mia nne na hamsini. Nipe idadi."

"Kumi na nne."

"Kumi na nne nini? Hapa mbele naona kitu kama kimeandikwa."

Nikatazama. Palikuwa na vijikwaruzo viwili vya penseli iliyofifia. Nilikuwa na wateja wangoja, na kusema sijui sikuzoea. "Mzee alikuwa akijaribu penseli hapo. Pisi kumi na nne, dada. Andika, haya macho hayajakosea tangu yazaliwe."

Akaandika. Shilingi elfu sita na mia tatu.

Bwana Aidarus alipoilinganisha hesabu hiyo na vitabu vya manunuzi na mauzo, akaona vikoi vya shilingi laki moja, kumi na tisa elfu na mia saba havipo. Stoo hapakuwa na cha kuhesabu tena. Vilikuwa vimekwisha, watu wamenunua kwa kujitayarisha na Ramadhani.

Mzee Tsofa akaitwa mbele yetu sote.

"Bwana, nilihesabu nikaandika," akasema. "Someni tena."

Bwana Aidarus akanigeukia. "Kingi?"

Karatasi ilikuwa pale pale, hatua mbili. Ningeichukua. Badala yake nikacheka. "Bwana, mimi nikishasoma nimesoma. Labda ni wale panya sita."

Watu wakacheka. Mzee Tsofa hakucheka. Bwana Aidarus alimwambia arudishe funguo, na bahashishi ya kuondokea hakumpa. Mzee akazifuta funguo kwa kitambaa, akaziweka mezani moja moja, akatoka.

Disemba iliyofuata tukawa na mtu mpya wa stoo, Masha. Akanipigia kelele kutoka juu ya ngazi, "Kaka Kingi! Hivi vikoi nihesabu kimoja kimoja, ama korija?"

Nikaenda kwenye faili, nikaitoa ile karatasi, nikaisogeza dirishani. Vijikwaruzo vilikuwa herufi mbili, k na j. Korija.

Caroline akapiga upya. Kumi na nne mara ishirini, vikoi mia mbili na themanini. Mara mia nne na hamsini, laki moja na elfu ishirini na sita. Akatoa zile elfu sita na mia tatu. Zikabaki zile zile tulizosema zimeibwa, hata senti haikuzidi.

Na Januari yote ile ni mimi niliyeviuza vikoi vya buluu, kila siku, nikijisifu. Vikoi kumi na nne vingeuzwa mwezi mzima vipi? Sikujiuliza.

Bwana Aidarus alitoa bahashishi yote, akanituma niipeleke na kumwomba mzee arudi. Nilimkuta kwa binti yake Mbeyu, huko Rabai. Nikamwonyesha karatasi. Hakuitazama.

"Mimi naijua," akasema. "Wewe umeisoma?"

"Nimeisoma, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini siku ile walicheka watu wengi, Kingi. Kawasomee na wao."

Pesa alizipokea. Kurudi alikataa.

Nikarudi nikawasomea, pale pale dukani, kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Nilitamani hata mmoja acheke.