Chungu cha Mzee Kivuti na Mlango wa Nyuma

Mzee Kivuti wa Kiambere ni mzee wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini chungu cha kiapo, kile cha kuapizia watu kifo, alichoachiwa na baba yake kilimnyima usingizi miaka na miaka. Kukivunja aliogopa. Kukitupa mto Tana aliogopa zaidi, maana maji yale yananywewa na watu. Aliposikia tunapanga kujenga makumbusho huku Embu, akaja kutusihi tukichukue.

Mimi Jedidah ndiye mtunza vitu, na mdomo wangu haujui kunyamaza. Siku ya mkutano wa kamati, Mzee naye akiwa ameketi nasi, nilikuwa nimefura kwa hasira. Gichovi, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amepiga kalamu nyekundu njia yote ya nyuma kwenye ramani: geti la kushushia mizigo, chumba cha kutenga vitu vipya tuvikague wadudu, na ujia wa kwenda stoo. Eti anataka mkahawa mpana.

"Vitu vitapita mlango mkubwa," akasema. "Asubuhi, kabla ya wageni."

"Wee Gichovi! Vitu vinahamishwa mchana kutwa. Nibebe kibuyu cha kale katikati ya watoto wa shule? Na wadudu waliomo kwenye kigoda kipya, niwatembeze maonyesho yote?"

Akacheka. "Mkahawa ndio utaleta watu, Jedidah."

Mzee Kivuti akainuka polepole, akaweka kidole kwenye ramani, pale mlangoni.

"Na changu kitapita hapa? Wanapopita kina mama waja wazito?"

Akatugeukia sote.

"Nyumba yangu ina mlango mmoja," akasema. "Paa lilivuja, nikakitoa nje. Binti yangu Cicily alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharagwe, mimba imekua. Akasogeza miguu nipite. Wiki haikuisha, tukamzika yeye na mtoto. Daktari alisema ni presha. Mchungaji akasema ni presha. Hata mimi nasema ni presha. Lakini nikifumba macho namwona, anasogeza miguu."

Nikajikuta nimesogeza miguu yangu, mimi niliyeokoka.

"Kama njia ni moja, nitabaki nacho," akasema, akachukua kofia yake.

"Mzee, ngoja," Gichovi akasema. Hakuwa anacheka tena. Akachora upya ujia ule kwa mkono wake mwenyewe, mkahawa ukabaki kijichumba.

Jengo lilipokwisha, tulikipokea chungu geti la nyuma. Kikatengwa, kikakaguliwa, kikasukumwa kwa toroli hadi stoo, na hakikukutana na mgeni hata mmoja. Mzee alikataa kupita nasi. Akalizunguka jengo zima, akaingia kwa mlango wa mbele. Ndani watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele, na mwalimu wao, mja mzito, anajipepea kwa daftari.

"Kiko upande gani?" akaninong'oneza.

Nikamwonyesha ukuta wa stoo. Akaweka kiganja pale, machozi yakimtoka, akimtazama yule mwalimu.

"Kumbe kwangu ulitakiwa mlango wa pili tu," akasema. "Na mbao nilikuwa nazo."