Saa ya Kukamatwa

Pale kituoni walimwita Saa Ngapi. Alikuwa sajenti wa kaunta, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na kwa miaka kumi na tisa aliketi nyuma ya meza ile ile ya mbao akiwapokea watu waliokamatwa. Mwizi wa kuku, mlevi, mfanyabiashara wa suti, wote aliwauliza swali moja kabla hata ya kuwauliza majina: "Ulikamatwa saa ngapi, na wapi?"

Vituo vingine viliandika saa mtu anapofikishwa mezani, basi, yakaisha. Yeye aliandika saa hiyo, halafu kando yake akaandika saa mtu alipotiwa mkononi, huko huko barabarani au mlangoni kwake. Kisha alimgeuzia kitabu aliyekamatwa atie sahihi, na askari aliyemleta naye atie yake. Ukweli usemwe, alikuwa anakera. Foleni ilijaa, maaskari walinuna na kutazama dari, na yeye alikuwa ananoa penseli taratibu kana kwamba siku ina saa thelathini.

Lakini hakuanza hivyo. Alipokuwa konstebo, aliletewa muuza mkaa mmoja mzee aliyekuwa amezungushwa vituo vitatu. Kila kituo kilianza kuhesabu upya kilipompokea, na Saa Ngapi naye, kwa ujinga wa ujana, akaanza kuhesabu upya. Mzee alikaa ndani siku tisa. Alipotoka alikuta mkewe ameshazikwa. Hakumlaumu mtu, alichukua viatu vyake kaunta, akasema "asante, mwanangu," akaondoka. Ile asante haijamtoka mpaka leo. Wiki hiyo hiyo alikitoa sandukuni kile kijitabu cha katiba walichogawiwa chuoni, ambacho wengi waliking'ang'ania siku ya mtihani tu, akakisoma mstari kwa mstari. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, alimshonea mfuko wa ndani kwenye shati la sare wa kukibebea. "Wake wa wenzangu wanabeba picha za waume zao kifuani," alisema, "mimi wangu anabeba ibara."

Basi Jumanne moja saa kumi jioni aliletwa mwalimu wa hisabati, mtu mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa koti. Konstebo aliyemleta alitoka kituo cha upande wa pili wa mji.

"Ulikamatwa saa ngapi, na wapi?"

"Jana, saa nne asubuhi. Darasani. Nilikuwa katikati ya mgawanyo."

Konstebo alikohoa. Saa Ngapi akamtazama juu ya miwani. "Ni hivyo, mwanangu?"

"Ni hivyo, afande." Akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu alizoea kutia sahihi bila kusoma, na alikuwa anawahi kumaliza zamu.

"Kosa gani?"

Konstebo alitazama karatasi yake, haikutaja kosa. Mwalimu ndiye aliyejibu. Uwanja wa shule yake ulikuwa unataka kugawiwa kwa kampuni fulani, na Alhamisi asubuhi kulikuwa na kikao cha wazi cha kusikiliza pingamizi za wananchi. Yeye ndiye aliyekuwa na ramani ya zamani na barua zote, na ndiye aliyekuwa aseme kwa niaba ya wazazi. "Alhamisi ikipita mimi nikiwa humu," alisema, "kikao kitaandika kwamba hapakuwa na pingamizi."

Saa Ngapi alivuta karatasi. Alipiga hesabu. Katiba yao ilitoa saa arobaini na nane: mtu aliyekamatwa aelezwe sababu, aruhusiwe kumwona wakili, na kabla muda huo haujaisha afikishwe mahakamani, au aachiwe. Kutoka Jumatatu saa nne, muda ulikuwa unaisha Jumatano saa nne. Akaliandika jina la mwalimu kwenye orodha ya watu wa kupelekwa mahakamani kesho yake.

Asubuhi alikuta jina limekatwa kwa wino mwekundu.

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa kituo. Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyesimamia msiba wa baba yake. Alikuwa amekaa na simu mbele yake kama mtu anayechunga chungu kisichemke.

"Dada, huyu mwalimu tumempokea jana saa kumi," alisema mkuu. "Kwa hiyo tunaye mpaka kesho saa kumi. Ni amri kutoka juu, kwa waziri."

"Tumempokea jana, afande. Amekamatwa juzi."

"Serikali imesema."

"Serikali inaruhusiwa kumkamata. Hairuhusiwi kumficha." Alikitoa kijitabu mfukoni, akakiweka mezani bila kukifungua. "Sheria nyingine zinatuambia tuwafanye nini raia. Hii inatuambia sisi tusiwafanye nini. Waziri amepewa kazi na hiki kitabu, na mimi, na wewe. Hawezi kutoa amri inayokipita."

"Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Minne."

"Na nyumba mnayokaa ni ya jeshi."

"Ni ya jeshi, afande." Alikichukua kijitabu, akakirudisha mfukoni.

Alirudi kaunta maji yakiwa yamemfika shingoni. Kwenye benchi alimkuta mke wa mwalimu, ambaye alikuwa amezunguka vituo vinne tangu Jumatatu akiambiwa hapa hatumjui. Saa Ngapi hakumpa siri yoyote. Alimpa haki yake. Alimwambia mumewe yumo humu, hajaelezwa kosa, amekamatwa Jumatatu saa nne, na saa hizo zimeandikwa na kutiwa sahihi. "Una wakili, shangazi?"

"Yuko mmoja wa wazazi wa shule."

"Mwambie akaombe jaji amwite mumeo leo, na aombe na kitabu hiki kije."

Yule mama hakungoja neno la pili. Saa nne ikapita, ikafika saa tano. Saa sita kasoro robo tarishi wa mahakama alileta karatasi yenye muhuri: mkuu wa kituo amfikishe mwalimu mbele ya jaji saa saba, aeleze kwa sheria gani anamshikilia, na kitabu cha mahabusu kiletwe.

Mkuu alitoka ofisini ameshika kitabu kipya, kitupu, chenye jalada lile lile. Alikiweka mbele ya sajenti wake na kalamu juu yake.

"Nakili kurasa za wiki hii," alisema kwa upole. "Kila kitu kama kilivyo. Ile saa ya pembeni tu uiache."

Saa Ngapi aliitazama ile kalamu. Alifikiria nyumba yao, cherehani ya mumewe dirishani, na miaka minne. Akamfikiria muuza mkaa akivaa viatu vyake. Kisha akafunga kitabu cha zamani, akakipachika kwapani, akavaa kofia.

"Kitabu kilichoitwa ni hiki, afande. Tutachelewa."

Mahakamani, wakili wa serikali alisimama bila wasiwasi. Alieleza kwamba mshukiwa alikamatwa Jumanne saa kumi jioni na kwamba muda wa kikatiba haujaisha. Kwenye kituo cha kwanza, alisema, mwalimu alikuwa akisaidia polisi kwa hiari yake.

Jaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliomba kitabu. Alisoma, akageuza ukurasa, akarudi. "Sajenti, hii saa ya pembeni nani alikwambia?"

"Mwenyewe, mheshimiwa. Na konstebo aliyemleta. Hizo ni sahihi zao."

"Na kwa nini unaandika saa mbili?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa kutaka kujua. "Kwa sababu, mheshimiwa, mtu hakamatwi na kituo. Anakamatwa na serikali. Serikali ni moja, hata ikiwa na vituo mia."

Jaji alichukua kalamu, akaandika kwa muda mrefu, halafu akasoma. Alisema wananchi walipoandika katiba hawakuinyima serikali mabavu ya kukamata, maana bila hayo hakuna amani, ila waliyawekea saa, na wakampa mtu asiye chini ya serikali kazi ya kuitazama saa hiyo. Muda ulikwisha saa nne asubuhi. Kumhamisha mtu hakuurudishi nyuma. Mwalimu aachiwe sasa hivi, hapo hapo alipo. Kama polisi wana ushahidi wa kosa, wamshtaki kwa utaratibu.

Wakili wa mwalimu, kwa kuona mambo yamemnyookea, akaomba jaji azuie na kugawiwa kwa uwanja. Jaji akatikisa kichwa. "Hilo halipo mbele yangu. Katiba imenifunga na mimi. Kesho kuna kikao. Mteja wako ana miguu na mdomo, aende."

Akaenda. Alhamisi alisimama na ramani yake, akiwa na koti lile lile la chaki, akasema saa nzima. Pingamizi likaandikwa, na uwanja haujagawiwa mpaka leo.

Saa Ngapi alihamishwa Ijumaa. Walimpeleka stoo ya sare upande wa pili wa mji, akahesabu mikanda na soksi kwa miezi kumi na nne. Walihama nyumba ya jeshi wakapanga vyumba viwili, na fundi cherehani akasema angalau sasa mke wake yuko kwenye biashara ya familia. Saa Ngapi alilia mara moja tu, siku aliposikia kwamba kaunta yake amepewa kijana asiyeuliza saa. Kisha wakubwa waliompigia mkuu simu wakaondolewa kwenye uchaguzi, tume ya utumishi ikapitia uhamisho ule ikaona hauna sababu, na akarudishwa mezani kwake na miwani yake ya uzi.

Hakuwa amemaliza wiki mbili pale aliposikia mlango ukifunguliwa kwa fujo. Maaskari wawili wa makao makuu walikuwa wamemleta mtu, wakiwa na haraka na kujiamini kwa watu wenye wakubwa wapya nyuma yao. Alikuwa yule yule aliyekuwa mkuu wa kituo. Shati lilikuwa limetoka suruali, na hakunyanyua macho.

"Mwandike sasa hivi, mama," alisema mmoja wao. "Kumi na mbili jioni. Amri kutoka juu."

Saa Ngapi alivuta kitabu, akanoa penseli taratibu. Foleni ilijaa. Maaskari wakanuna.

"Afande," alimwambia mzee aliyemfundisha kazi, "ulikamatwa saa ngapi, na wapi?"

"Jana, dada. Saa tatu asubuhi. Nyumbani kwangu."

Aliandika saa zote mbili, akamgeuzia kitabu atie sahihi, na kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa imefungwa pingu, alimshikia ukurasa.