Vifaranga Wasioshoneka

Fundi Nyuzi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa na mdomo mkali na moyo laini, na wateja wake walishajua wapitie wapi. Nembo yoyote aliyoletewa aidarizi kwenye nguo aliichapisha kwanza kwa ukubwa uleule utakaokaa kifuani, akaibandika ukutani, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Kisichoonekana kutoka mlangoni, alisema, hakina haja ya kushonwa.

Siku hiyo alikuja mwanamke aliyekuwa akijiandaa kufungua kituo cha kulelea watoto. Alitaka aproni za walezi zidariziwe nembo kifuani. Kwenye simu ilipendeza: kuku na vifaranga saba, kila mmoja na jicho lake na vidole vyake, vyote kwa kalamu nyembamba. Ukutani alibaki kuku tu. Vifaranga walikuwa vumbi.

"Dada yangu, hawa hawashoneki," fundi alisema. "Mistari ni myembamba kuliko uzi wenyewe. Jicho, mdomo na miguu vitakuwa donge moja."

"Basi ikuze."

"Kifua ni kilekile. Na aproni haina mgongo. Tubakize wawili tu, wanene."

"Alichora marehemu mama. Hao ni sisi. Huyo wa nyuma ni mdogo wetu, naye ametangulia. Sasa fundi, nimwache nani?"

Fundi aliona aibu. Laiti angeuliza kabla ya kupunguza watoto wa watu. Alijua jibu la mashine, lakini kubishana na msiba hakuweza. Alichukua kipande cha kitambaa kilekile cha aproni, akakitia karatasi ya kukazia kwa nyuma, akashona picha yote. Kitambaa kilikunjamana kwa wingi wa uzi. Kifaranga wa nyuma alitoka fundo tupu. Mwanamke alilipapasa kwa kidole, machozi yakamtoka, na fundi akajuta hata kuwasha mashine.

Akamsogezea kiti. Akasubiri alie mpaka atosheke.

"Mwewe akipita," akamuuliza taratibu, "kuku huwafanyaje wanawe?"

"Huwafunika."

Fundi alichukua kalamu nene. Akamchora kuku yuleyule, shingo ileile aliyoipinda yule mama, lakini amelala na mbawa zimetanda hadi chini. Mistari minene, nafasi za kutosha katikati. Akabandika ukutani, wakaenda wote mlangoni. Kuku alionekana wazi.

Siku ya ufunguzi ndugu walikuja. Kaka mkubwa aliitazama aproni ya mlezi mmoja, uso ukamkunjamana.

"Mbona mama yuko peke yake? Sisi umetutoa?"

"Tumo, kaka," dada yake alimjibu. "Ametufunika."

Kaka alimtazama tena kuku. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mdogo wetu?"

"Naye yumo. Hapo chini ya mbawa hatuhesabiwi."