Bipu Mbili kutoka Msimbu

Sentensi aliyoifuta Raudha ilikuwa ya mwisho kwenye ujumbe. Twalibu, mwenye duka la jumla pale Sofu, alikuwa ameshaisoma na kuipitisha: "Asiye na simu janja apige namba ya duka, tutamwingizia oda, naye atalipa kwa menyu ya simu yake ya kawaida." Raudha aliifuta, akabonyeza kutuma.

Ujumbe uliowafikia wateja wote wa Kibaha na Kisarawe ukabaki hivi:

"Ndugu mteja, sasa utaagiza mtandaoni. Fungua kiungo hiki, weka namba yako ya simu, kisha namba ya uthibitisho utakayotumiwa. Chagua bidhaa na idadi, bonyeza Tuma Oda. Utapewa namba ya malipo. Lipa kwa simu, hakikisha jina la duka limetokea kabla ya kuweka namba yako ya siri. Namba ya siri usimpe mtu. Dereva hapokei fedha taslimu. Oda isiyolipwa haipakiwi."

Aliifuta kwa sababu alichoka. Kwa miaka yote aliyokaa pale kaunta, wenye maduka ya vijijini walimbipu, naye akawapigia kwa vocha ya duka, akasikiliza habari za ng'ombe na wajukuu mpaka wafike kwenye unga. Bi Mwanamkuu wa Msimbu hakuhitaji hata kupigiwa. Bipu moja: mzigo wa siku zote. Bipu mbili: mzigo wa siku zote na sukari na mchele wa ziada, maana kijijini kuna shughuli. Walipanga hivyo wao wawili, wakicheka.

Jumatano simu ya duka iliita mara moja, ikakata. Ikaita tena, ikakata. Raudha alilitazama jina, akaitia simu kwenye droo. Alijiambia bibi atajifunza tu, kama wengine.

Alhamisi Fuso la mizigo la duka lilipita Msimbu bila kusimama.

"Yule bibi alikuwa amesimama barabarani na watu wake wa kubeba," dereva Gideon alimwambia jioni. "Nikamwambia hayumo kwenye mfumo. Akaniuliza, mfumo ndiye nani?" Gideon alicheka. Raudha hakucheka.

"Kuna shughuli gani kwake?"

"Hitima ya marehemu mumewe. Kesho baada ya swala ya Ijumaa."

Asubuhi Raudha alinunua mzigo ule kwa fedha zake, akaomba ruhusa, akakodi Bajaji ya mizigo kupitia Kiluvya hadi Msimbu. Alikuta masufuria yameshapanda motoni. Mchele ulikuwa umepatikana Kisarawe mjini, kwa bei ya rejareja, na haukutosha. Wanawake walikuwa wakiuongezea mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu! Umepona?" Bi Mwanamkuu alimshika mikono yote miwili. "Nilisema Raudha hawezi kuniacha, lazima anaumwa. Jana nimekuombea dua."

"Ujumbe wetu hukuupata?"

"Niliupata, nikasomewa. Nikasema haya ni ya wenye simu kubwa. Mimi nina Raudha."

Njia ya kukwepa ilikuwepo: angesema mtandao ulisumbua. Gideon angeapa ni kweli, Twalibu asingejua.

"Siumwi, bibi. Bipu zako niliziona. Na ujumbe ulikuwa na maneno yako, ya wenye simu ndogo. Niliyafuta mimi."

"Kwa nini?"

"Nilichoka na bipu."

Bi Mwanamkuu aliachia mikono. Akaangalia magunia kwenye Bajaji, akawaita vijana wayashushe. "Ungeniambia tu," alisema. "Ningepiga. Vocha ninauza mwenyewe, mwanangu."

Alimkalisha mkekani, akamletea sahani iliyojaa nyama. Raudha alikula.

Siku ile ile, akiwa bado njiani, aliandika ujumbe mpya, na maneno aliyoyafuta akayaweka mwanzoni kabisa. Wengi wakapiga: mmoja wa Marui, wawili wa Kisarawe mjini, watu ambao hakuwa amewafikiria hata kidogo.

Jumatano iliyofuata simu ya duka iliita. Raudha alisubiri ikate. Haikukata.

"Haloo, dukani hapo?" Sauti ya Bi Mwanamkuu ilikuwa ya mtu aliyevaa kwenda ofisini. "Naomba kuagiza, kwa utaratibu wenu."

"Bibi, ni mimi."

"Najua. Andika: unga, sukari, sabuni ya mche."

Raudha aliiingiza oda, akamtajia namba ya malipo tarakimu moja moja. Bi Mwanamkuu alizirudia zote, akalipa kabla adhana ya alasiri haijaisha. Mzigo ulifika bila kasoro.

Tangu siku hiyo hupiga mwenyewe, kwa vocha yake, na huagiza upesi. Habari za wajukuu hasemi. Wakati mwingine simu ya duka huita mara moja tu na kukata, na Raudha huinyakua haraka. Huwa ni mtu mwingine.